Hedi Iliyoziba: Iloweke Kabla ya Kuilazimisha

Printa nyingi za stesheneri zetu siku hizi ni zile za matanki ya wino ubavuni, na nyingi kati ya hizo ni Epson za familia ya L: L3110, L3150, L3250 na ndugu zao. Zinapendwa kwa sababu chupa moja ya wino huchapa maelfu ya kurasa. Zina jambo moja, hata hivyo, ambalo mnunuzi huwa haambiwi dukani: hedi yake, yaani kile kipande kinachorusha wino kwenye karatasi, haibadilishwi kama katriji. Imefungwa ndani na inatarajiwa kuishi umri wa printa yenyewe. Ikiziba, huwezi kwenda dukani kununua nyingine kwa bei ya chupa ya wino. Utaizibua au utaanza kulinganisha bei ya hedi mpya na bei ya printa mpya, hesabu ambayo mara nyingi haimfurahishi mwenye duka.

Ndiyo maana herufi zikianza kutoka na michirizi myeupe, watu hukimbilia kompyuta na kubofya Head Cleaning. Mistari ikibaki, wanabofya tena. Na tena. Kufikia jioni tanki limepungua kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, michirizi ipo palepale, na pengine imeongezeka.

Ili kuelewa kwa nini hali huwa hivyo, inabidi kujua kitufe kile kinaamuru nini. Upande wa kulia wa printa, mahali hedi inapolala kazi ikiisha, kuna kikombe kidogo chenye kingo za mpira na sponji ndani yake. Hedi ikikaa juu yake, kingo zile huifunika na kuzuia hewa isikaushe wino. Chini ya kikombe kuna mrija unaokwenda kwenye pampu. Usafishaji ukianza, pampu huvuta, na wino hutoka matankini, hupita kwenye hedi, huingia kikombeni, kisha humwagwa kwenye pedi za wino taka zilizofichwa ndani ya printa. Hakuna sabuni wala brashi ya kusugua zaidi ya kipande cha mpira kinachofuta uso wa hedi. Usafishaji wote ni kuvuta wino kwa wino.

Sasa, hedi ya L3110 ina vitundu 180 vya wino mweusi na vitundu 59 kwa kila rangi kati ya zile tatu: sayani, majenta na njano. Ni vidogo kuliko unene wa unywele. Pampu huvivuta vyote kwa pamoja, na kimiminika hupita palipo rahisi. Kama vitundu 160 viko wazi na 20 vimeziba, wino utapita kwenye vile 160, nguvu ya kuvuta itaishia hapo, na vile 20 vitabaki na kizibo chake kikavu kama vilivyokuwa. Ukibofya mara kumi, utakuwa umesafisha mara kumi vitundu vilivyokuwa safi. Wino mkavu hauondoki kwa kuvutwa. Kwanza unatakiwa ulainike, na kulainika kunataka kimiminika kikae juu yake kwa saa kadhaa.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Mwongozo wa L3110 unasema ukishasafisha na kukagua mara tatu bila mafanikio, acha printa bila kuchapa kwa angalau saa 12, halafu jaribu tena. Baada ya hapo ndipo kuna Power Cleaning, usafishaji mkali unaobadilisha wino wote uliomo kwenye mirija. Huo unahitaji kila tanki liwe limejaa angalau theluthi, na haurudiwi kabla ya saa 12 nyingine kupita. Mtu anayeurudia mara tatu mchana mmoja anachoma wino na kujaza pedi. Pedi nazo zina hesabu inayotunzwa na printa. Ikifika mwisho, printa hugoma kuchapa hadi pedi zibadilishwe na hesabu irudishwe. Wapo mafundi wanaorudisha hesabu kwa programu bila kugusa pedi, na miezi michache baadaye wino huanza kuchuruzika mezani.

Kabla ya kushika sirinji, swali la kwanza ni hili: imeziba kweli? Maana si kila mstari mweupe ni kizibo. Jibu liko kwenye karatasi ya Nozzle Check, ile yenye ngazi za vimstari vifupi, kila kimstari kikiwa kazi ya kitundu kimoja. Chapa karatasi hiyo, iandike namba 1. Safisha mara moja, chapa nyingine, iandike namba 2. Fanya hivyo hadi ya tatu, kisha ziweke juu ya nyingine na uzitazame kwenye mwanga wa dirisha. Mapengo yakiwa palepale kwenye karatasi zote tatu, hicho ni kizibo. Mapengo yakihamahama, leo hapa kesho pale, wino haufiki vizuri au hewa inaingia mahali: tanki limeshuka chini ya mstari, mrija umeshika mapovu, au kikombe hakifuniki hedi sawasawa. Rangi ikianza vizuri juu ya ukurasa na kufifia kadiri karatasi inavyoshuka, wino haufuati kwa kasi inayotakiwa, na tatizo liko nyuma ya hedi. Kwenye printa za zamani kidogo kama L210 na L355 kuna pia kile kishikizo cha kufunga wino wakati wa kusafirisha printa. Mtu akisahau kukifungua, rangi zitakata zote, na hakuna dawa ya kuzibua itakayosaidia.

Na kama rangi nzima imetoweka ghafla, jana ilikuwepo kamili na leo hakuna hata kimstari kimoja, shuku umeme. Hedi hizi hazichemshi wino. Nyuma ya kila kitundu kuna kipande chembamba cha kauri kinachojikunja umeme ukikipitia na kusukuma tone nje. Saketi inayokiendesha ikiungua, kitundu kinaweza kuwa safi kabisa na kisirushe kitu.

Mwezi wa Januari nilikaa na fundi mmoja katika stesheneri iliyo jirani na shule ya sekondari, mjini Morogoro, akishughulikia L3110 iliyolala tangu shule zilipofungwa. Dada mwenye duka alikuwa ameshasafisha kwa kompyuta mpaka amechoka. Fundi hakuifungua printa kwanza. Alimuuliza swali.

“Dada, ukimaliza kazi jioni unaizimia wapi?”

“Naizima hapo ukutani, kwenye ekstensheni. Nazima vyote kwa mpigo.”

“Basi, ndiyo hapo.”

Printa ikizimwa kwa kitufe chake, huirudisha hedi nyumbani, huiketisha juu ya kikombe na kuifunika, ndipo inajizima. Ikikatiwa umeme ukutani katikati ya shughuli, hedi hubaki pale ilipokuwa, uso wazi, kwa wiki zote za likizo. Umeme ukikatika wenyewe huleta matokeo yaleyale, ila angalau hapo unaweza kuiwasha tena ukirudi ili ijifunike.

Karatasi zake tatu zilionyesha mambo mawili kwa pamoja, na hapo ndipo nilipoona faida ya kuzipa namba. Weusi ulikuwa na mapengo 18 yasiyohama. Majenta ilikuwa na mapengo pia, lakini kila karatasi na ya kwake. Sayani ilikuwa nzima, njano karibu nzima. Fundi akasema kuna kizibo kwenye weusi, na kuna kitu kingine kinachofanya hata usafishaji wenyewe usifanye kazi. Akaelekea kwenye kikombe.

Kukifikia kikombe kuna namna yake. Washa printa, subiri hedi itoke kwenye maegesho yake na kuanza safari ya kushoto, kisha chomoa waya wa umeme. Sasa hedi husogea kwa mkono bila kulazimishwa. Usiguse utepe mweupe bapa wa waya, usivute mirija ya wino, na zaidi ya yote usiguse ule ukanda mwembamba unaong’aa uliotandazwa kutoka upande mmoja hadi mwingine nyuma ya hedi. Printa huusoma ukanda huo ili kujua hedi iko wapi. Ukiupaka wino au grisi, hedi itaanza kugonga kuta.

Kikombe cha dada yule kilikuwa kimejaa ute mweusi mzito, mfano wa uji uliolala. Kingo za mpira zilikuwa na magamba ya wino, kwa hiyo pampu ikivuta ilikuwa inavuta hewa ya pembeni badala ya wino kutoka kwenye hedi. Fundi alikijaza kimiminika cha kusafishia kwa kutumia sirinji, akarudisha umeme na kuagiza usafishaji mmoja, kisha akachomoa tena na kuchungulia. Kimiminika kilikuwa bado kimo, kimejaa vilevile. Hilo ndilo jaribio la pampu: kikombe kikibaki kimejaa, mrija wa chini umeziba, na kila Head Cleaning iliyofanywa tangu likizo iishe haikuvuta kitu. Aliufikia mrija ule, akaupenyeza kimiminika taratibu mpaka bonge jeusi likatoka upande wa pili. Jaribio la mara ya pili, kikombe kikakauka. Akafuta kingo za mpira na kile kipande cha kufutia hedi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Pamba haifai hapa, kwa sababu unyuzi mmoja tu ukibaki kwenye ukingo unatosha kupitisha hewa.

Kisha ikaja zamu ya kuloweka, na hapa swali la kimiminika gani kitumike lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa wino wa kawaida wa L3110, ambao ni wa rangi iliyoyeyuka kwenye maji, maji yaliyochujwa madini yote hufanya kazi kubwa yakiwa na uvuguvugu wa joto la mwili au zaidi kidogo, si ya moto. Dawa za kuzibulia hedi zinazouzwa madukani ni maji hayohayo yaliyoongezwa viyeyushi na kitu cha kupunguza utando wa maji ili yapenye kwenye vitundu, na hufaa zaidi kwa wino wa chembechembe, kama ule mweusi wa L4150 na L6170, ambao hauyeyuki kwa maji matupu. Maji ya bomba au ya kisima yaache. Yana chumvi na chokaa, na yakikauka ndani ya kitundu huacha kizibo kingine ambacho hakuna dawa ya wino itakayokiondoa. Petroli, asetoni na thina hula gundi inayoshikilia tabaka za hedi. Spiriti kali nayo ni ya kuogopa: huweza kugandisha wino wa chembechembe badala ya kuulainisha.

Wengi hununua maji haya kwenye vituo vya mafuta, maana ndiyo yanayoongezwa kwenye betri za magari. Hapo pana hatari ya kweli. Kwenye rafu ileile huuzwa pia asidi ya betri, na wauzaji wengine huita vyote viwili “maji ya betri”. Moja ni maji safi, nyingine ni asidi ya salfa itakayokuunguza mikono na kuila hedi. Soma kibandiko cha chupa, usimwachie muuzaji akuchagulie.

Fundi alijaza kikombe mpaka karibu na ukingo, akairudisha hedi juu yake kwa mkono polepole, akafunika printa na kumwambia dada asiiguse mpaka kesho. Namna nyingine ni kukunja tishu ngumu isiyochanika mara kadhaa, kuilowesha kwa mililita mbili tatu, na kuisogeza hedi ikae juu yake. Nadhani kikombe ni bora kama kinashika maji, kwa sababu uso wote wa hedi unabaki kwenye unyevu na hakuna karatasi ya kunasa wakati wa kuondoa. Lakini kama kikombe kimechoka na kinavuja, tishu itafanya kazi hiyohiyo. Saa nne hutosha kwa kizibo cha wiki moja. Kwa printa iliyolala miezi, usiku mzima, na pengine usiku wa pili kwa kimiminika kipya.

Asubuhi aliwasha, akasafisha mara moja tu, akachapa karatasi ya nne. Majenta ilikuwa imerudi yote. Haikuwa imeziba hata kidogo. Ilikuwa na hewa, na pampu iliyopata nguvu tena iliitoa. Weusi ulikuwa umeshuka kutoka mapengo 18 hadi sita. Dada alitaka asafishe tena hapohapo, akakataliwa. Mapengo yanayopungua baada ya kulowekwa yana haki ya kulowekwa tena. Usiku wa pili ulitoa moja tu, yakabaki matano, na hayo yalikuwa pembeni mwa safu, pale ambapo wino hukauka kwanza. Hapo ndipo akaamua kupitisha kimiminika kwa sirinji.

Hatua hii ndiyo inayoua hedi nyingi, na huziua kwa haraka ya mtu. Kwanza waya wa umeme unachomolewa kabisa. Kifuniko cha juu ya hedi hufunguliwa skrubu, na kile kisanduku cha dampa, kinachopokea wino kutoka kwenye mirija, huinuliwa taratibu na kulazwa pembeni juu ya tishu bila kukunja mirija. Chini yake hujitokeza vijibomba vifupi vya plastiki, kila kimoja kikilisha rangi yake. Chini ya hedi hutandikwa tishu iliyokunjwa nene, kwa sababu chochote kitakachopitishwa lazima kiwe na mahali pa kwenda.

Sirinji ya mililita 10 bila sindano, na kipande cha mpira laini wa dripu chenye urefu wa sentimita tatu au nne, vyote hupatikana duka la dawa. Watu wengi huchagua sirinji ndogo ya mililita mbili wakidhani ni ya upole. Ni kinyume chake. Kidole kikisukuma kwa nguvu ileile, pistoni nyembamba hutoa shinikizo kubwa mara nyingi zaidi kuliko pana. Ile ya mililita mbili inaweza kupasua gundi ya ndani kabla mkono wako haujahisi ugumu wowote.

Fundi alivuta mililita tano za kimiminika vuguvugu, akatoa hewa yote kwenye sirinji, akavalisha mpira kwenye kijibomba cha weusi peke yake. Rangi nyingine hakuzigusa. Hakuna sababu ya kuosha kisichoumwa. Hakuanza kwa kusukuma. Alivuta nyuma kidogo, kiasi cha nusu mililita, ndipo akasukuma polepole, na akarudia hivyo mara chache. Sababu yake ni umbo la kitundu: ni chembamba zaidi pale mwisho, kwenye uso wa hedi. Ukisukuma tu kutoka juu, punje unaikandamiza kwenye sehemu iliyobana. Ukivuta kwanza, unaipa nafasi ya kurudi ndani kwenye uwazi na kulainika.

Kisha akaacha mpira ukiwa umejaa kimiminika na kukaa nusu saa. Alipinda mgongo akatazama chini ya hedi kwa tochi ya simu wakati anasukuma tena. Vitundu vilivyo wazi hutoa nyuzi nyembamba sana zilizonyooka sambamba, pazia la kimiminika. Penye kizibo, pazia lina pengo. Penye uchafu nusu, uzi hutoka umepinda na kuungana na jirani yake. Alisukuma mililita mbili hivi kwa jumla, si zaidi. Ukihisi sirinji inagoma, acha, ngoja, loweka tena. Kuongeza nguvu hapo ni kuitoa hedi kafara. Dalili ya kwamba umeshavuka mpaka ni rangi kuanza kuchanganyika: njano inatoka na weusi, au sayani inakuwa ya kijani, na kila ukisafisha hurudi upya. Ukuta kati ya rangi mbili umepasuka ndani, na hauzibiki.

Ajali nyingine ni ya maji kupanda. Juu ya hedi, pale utepe bapa wa waya unapoingia, kuna viungio vya umeme visivyotaka hata tone. Maji yakipitia hapo na printa ikawashwa, hedi huungua, na mara nyingi huondoka na bodi kuu ya printa. Hapo unaweza kuweka hedi mpya na bodi mbovu ikaiunguza nayo. Fundi alizungushia vijibomba tishu ndogo kabla ya kuanza, na alipomaliza alikagua utepe ule kwa kidole kikavu na kuacha kila kitu wazi kwa zaidi ya saa moja kabla ya kurudisha umeme.

Kurudisha dampa nako kuna lake. Hedi sasa imejaa kimiminika cha kusafishia na mrija wa weusi umeingia hewa. Ukiwasha tu na kuchapa, utapata karatasi nyeupe na utadhani umeua printa. Kwa sirinji aliuvuta wino kupitia dampa mpaka ukafika bila povu, akaikalisha mahali pake, akafunga skrubu, akasafisha mara moja. Karatasi ya kwanza ilitoka kijivu kilichopauka, kama inavyotarajiwa, maana kimiminika kilikuwa kinatoka pamoja na wino. Alichapa kurasa chache zilizojaa weusi mtupu mpaka rangi ikakolea, akaiacha printa ipumzike saa moja, ndipo akachapa karatasi ya kuhukumu kazi.

Mapengo mawili yalibaki kati ya vitundu 180.

Dada alitaka sifuri. Fundi alimwambia aache, na nakubaliana naye. Ukichagua ubora wa juu wakati wa kuchapa, hedi hupita zaidi ya mara moja juu ya eneo lilelile, na vitundu vingine hufunika pengo la jirani. Kwa mitihani ya shule na fomu za maombi, hakuna atakayeyaona. Kulifungua dampa mara nyingine kwa ajili ya vitundu viwili ni kuhatarisha 178. Ingekuwa printa ya picha, labda L805 ya studio yenye rangi sita, ningefikiri tofauti, kwa kuwa uso wa mtu huonyesha mstari ambao herufi zinauficha.

Kuna pia mahali pa kukata tamaa. Ukishaloweka usiku mara mbili tatu na kupitisha kimiminika mara mbili kwa siku tofauti, na karatasi za mwisho zinafanana kabisa kimstari kwa kimstari, hakuna kinacholainika tena. Ama ni chumvi ya maji mabaya, ama ni wino wa aina mbili uliochanganywa ukagandana, ama kile kipande cha kauri nyuma ya kitundu kimekufa. Alama nzuri ya kutofautisha ni pazia: kama chini ya tochi nyuzi zote zinatoka kamili wakati wa kusukuma, lakini Nozzle Check bado ina mapengo, njia iko wazi na tatizo ni umeme. Kuendelea kuosha ni kupoteza wino.

Wenye printa za Canon za familia ya G, au HP zinazotumia katriji, wana kazi nyepesi zaidi, kwani hedi yao hutoka kwa mkono. Hulazwa kwenye kisahani chenye maji vuguvugu yenye kina cha milimita chache, uso wa chini tu ukiloa na viungio vya shaba vikibaki juu, kisha hugandamizwa juu ya tishu mpaka ionyeshe rangi zake zote. Lakini hedi hizi hurusha wino kwa kuuchemsha, na kitundu kisichopata wino hujichoma chenyewe. Kwa hiyo Epson iliyoziba inaweza kuendelea kuchapa kazi za haraka mpaka fundi afike. Canon au HP yenye michirizi isimamishwe siku hiyohiyo.

Dada yule alipewa sharti moja la kuondoka nalo: kila Jumatatu asubuhi achape ukurasa mmoja wenye rangi zote nne, hata kama hakuna mteja wa rangi. Na printa ikatolewa kwenye ekstensheni ya duka zima, ikachomekwa kwenye soketi yake peke yake.